Kabla Hujakandamizwa Mgongoni Ili Uguse Vidole vya Miguu

Nimechoka kuwasikia wateja wakieleza kwamba misuli yao ya nyuma ya mapaja "imefupika", na kwamba kila jioni kuna rafiki anayewakandamiza mgongoni ili irefuke ndani ya wiki mbili. Kwa wengi wao misuli haijafupika hata kidogo. Mfumo wa neva hutoa onyo la maumivu mapema, wakati misuli bado ina nafasi ya kuvutika. Katika wiki za mwanzo za mazoezi mtu huinama zaidi ilhali misuli yake, ikipimwa, huleta ukinzani uleule wa awali. Kilichobadilika ni ustahimilivu wake. Anayekandamizwa hadi akauma meno hukaza misuli ileile anayotaka kuilegeza.

Wapo pia ambao tatizo lao si misuli kabisa. Keti kitini, pinda mgongo, inamisha kichwa, kisha nyoosha goti moja mpaka uhisi mvuto. Sasa inua kichwa peke yake. Mvuto wa nyuma ya goti ukipungua, shuku neva ya siatiki, ile inayotoka kwenye uti wa mgongo na kushuka nyuma ya mguu, kwa kuwa misuli ya paja haifiki shingoni. Mtu wa namna hii akishikilia mkao kwa muda mrefu anaweza kupata ganzi unyayoni. Namwelekeza anyooshe na kukunja goti taratibu bila kushikilia. Nakiri kwamba mara nyingi misuli na neva huhusika pamoja, na mpaka kati yake siuoni waziwazi kama vitabu vinavyouchora. Ganzi isiyoondoka, au maumivu yanayoshuka mguuni, yapimwe kwanza.

Tuchukue karani wa miaka 41 ambaye vidole vyake vya mikono viliishia sentimita 22 juu ya sakafu. Alilala chali mlangoni, mguu mmoja ukiegemea mwimo, kwa sekunde 30, mara mbili kila mguu, siku tano kwa wiki. Mara mbili kwa wiki alisimama akainama kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka na magoti yamelegea kidogo, akiishusha polepole ndoo yenye lita 8 za maji. Siku ya kwanza alipata sentimita 3, zikapotea kabla ya jioni, jambo ambalo ni la kawaida. Wiki ya nne alikuwa kwenye 17, wiki ya nane 11, kisha mwezi mzima hakusogea na lawama zikaniangukia mimi. Alivigusa vidole vya miguu katika mwezi wa sita.

Mwenye mikono mifupi na miguu mirefu huenda asiviguse hata nyonga zikipinda vizuri, kwa hiyo yeye nampima pembe ya mguu anaoweza kuuinua akiwa amelala chali. Anayefikia lengo akiacha kabisa, sehemu ya alichopata hupotea ndani ya wiki chache. Kwa kawaida siku mbili kwa wiki hutosha kukihifadhi.