Mtego wa gharama zilizozama: maana yake na namna ya kuutambua

Gharama iliyozama ni fedha, muda au jasho ulilokwisha kulitoa, na ambalo halirudi hata uamue nini leo. Mtego ni pale unapong'ang'ania jambo kwa sababu tu ulishagharimika, ilhali kama ungekuwa unalianza leo usingeligusa.

Mwaka 1985 wanasaikolojia Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 60 waliokuja kununua tiketi za msimu mzima wa tamthilia katika Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Bila kuchaguliwa kwa sifa yoyote, wengine waliuziwa bei kamili ya dola 15, wengine wakapunguziwa dola 2 au 7. Tamthilia zilikuwa zilezile kwa wote. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, kana kwamba fedha iliyokwisha kwenda inawadai wafike. Nusu ya pili tofauti hiyo ilififia.

Tuiweke kwenye hesabu ya mtaani. Mtu amenunua Hiace ya daladala kwa shilingi milioni 22. Mwaka wa kwanza akafunga injini upya na kubadilisha vipuri vingine, milioni 6 zikaenda. Sasa gia boksi imekufa na fundi anataka milioni 3. Dalali yuko tayari kulichukua gari kama lilivyo kwa milioni 8. Mwenye gari anajibu: "Nimeshatia milioni 28 humu, nitaliuzaje kwa bei ya kutupa?"

Hiyo milioni 28 haimo kwenye uamuzi. Akitengeneza imekwenda, akiuza imekwenda. Iko pande zote mbili, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Kilichobaki ni hiki: kubaki na gari mwaka mmoja zaidi kunamgharimu milioni 3 za fundi na milioni 8 za dalali anazoziacha, jumla milioni 11. Atapata nini? Daftari la mwaka jana linaonyesha kwamba hesabu za dereva, ukitoa matairi, bima, vibali na siku za gereji, zilimwachia milioni 4. Mwakani gari litauzika kama milioni 6. Jumla milioni 10. Auze. Fundi angetaka milioni 1 tu, gharama ingekuwa milioni 9, na kutengeneza kungekuwa sahihi. Uamuzi unageuka kwa bei ya fundi. Bei ya kununulia, iwe milioni 22 au 50, haibadilishi kitu.

Angalia kwamba daftari la mwaka jana limetumika. Yaliyopita hayatupwi: ni ushahidi wa yatakayokuja, ila si deni linalokudai uendelee. Tofauti hiyo ndiyo watu wengi hawaioni, hasa kwenye mapenzi. "Tuna miaka saba pamoja" si sababu ya kufunga ndoa. Lakini ndani ya miaka hiyo mmeshaona mnavyogombana, mnavyosuluhishana, nani anatimiza ahadi. Kama kila mwaka ameahidi kuja kujitambulisha kwenu na hajaja, miaka saba inakupa jibu, na jibu hilo si la kuongeza wa nane.

Kwenye kazi mtego huvaa sura ya shahada. Kijana wa Tanzania aliyesoma uhasibu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, sasa anapenda na kuingiza zaidi kwenye ushonaji, huona akiacha uhasibu mkopo utakuwa umepotea bure. Mkopo atalipa akiwa mhasibu na atalipa akiwa fundi cherehani. Swali ni kazi ipi itamwacha na kingi zaidi baada ya kulipa, na ipi anataka kuamkia.

Kwa nini basi ni vigumu kuacha? Sehemu kubwa ni aibu ya aliyeamua. Mwaka 1976 mtafiti Barry Staw alichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa biashara waligawa fedha kwa idara za kampuni ya kubuni. Waliochagua idara wenyewe, kisha wakaiona inashindwa, waliiongezea fedha nyingi kuliko waliokuta uamuzi umefanywa na mtu mwingine. Ndiyo maana nashauri daftari apewe mtu ambaye hakushiriki kuanzisha jambo lenyewe, na asiambiwe kiasi kilichokwisha tumika.

Si kila kuendelea ni mtego. Aliyebakiza muhula mmoja ahitimu ana sababu nzuri ya kumaliza, kwa kuwa kilichobaki kulipwa ni kidogo na cheti kizima kiko mbele. Watoto, faini ya kuvunja mkataba na mafao yatakayopotea navyo ni gharama za mbele, viingie kwenye hesabu kikamilifu.