Jedwali la kurasa nyingi zilizoskaniwa: heda ibaki moja tu

Daftari la stoo la duka la Kariakoo likishaskaniwa, mara nyingi unakuta ni jedwali moja limevuka kurasa kibao na kila ukurasa umerudia heda ileile: Na., Tarehe, Maelezo, Idadi, Kiasi. Wengi wanaiacha programu inayosoma skani ichukue mstari wa kwanza wa kila ukurasa kama heda, halafu wanaunganisha na `pd.concat` ya pandas, na hapo ndo balaa linapoanza.

`pd.concat` inapanga kolamu kwa majina. Ukurasa wa 3 ukisomeka "Tarche" badala ya "Tarehe", inazaliwa kolamu mpya, tarehe zote za ukurasa huo zinahamia huko na kwenye Tarehe zinabaki `NaN`. Ukurasa usiorudia heda ndo mbaya zaidi, coz mstari wake wa kwanza wa data unageuka heda na unapotea kimyakimya.

Mi nasoma kila ukurasa bila heda, kolamu zinakuwa 0 mpaka 4, nagonga `fillna("")`, naongeza kolamu ya namba ya ukurasa, naunganisha, ndo nafuta heda zilizojirudia. Usilinganishe herufi kwa herufi, pima kufanana (`r` ni seli tano za mstari, `k` ni heda sahihi):

```python
from difflib import SequenceMatcher

def ni_heda(r, k):
    a = " ".join(map(str, r)).lower()
    b = " ".join(k).lower()
    return SequenceMatcher(None, a, b).ratio() > 0.75
```

Hiyo 0.75 ni ya kuanzia tu, chapisha mistari yote iliyofutwa uikague kwa macho.

Inayofuata ni mistari ya C/F, yaani jumla inayopelekwa ukurasa unaofuata, na B/F, jumla iliyoletwa toka ukurasa uliopita. Ukurasa wa 1 ukifungwa na C/F 4,350,000, wa 2 unafunguliwa na B/F hiyohiyo, ukiziacha ndani mauzo yaleyale ya ukurasa wa 1 yanahesabiwa mara tatu. Zitoe, ila zihifadhi pembeni, utazihitaji.

Sasa mstari uliokatwa na ukurasa. Namba 38, chini ya ukurasa wa 2, inasema "Nondo milimita 12", juu ya ukurasa wa 3 kuna "za mita 12, mzigo wa jumla" peke yake kwenye Maelezo, seli nyingine tupu. Huo si mstari mpya, gundisha kwenye Maelezo ya 38. Ila angalia, Na. kuwa tupu peke yake haitoshi maana namba hafifu huwa haisomeki kabisa, hivyo kama Kiasi kipo usiunganishe. Na lazima heda na B/F ziwe zimeshatoka, la sivyo unagundisha maneno kwenye heda.

Mwisho kagua maungio. Na. ikiruka toka 38 hadi 40, fungua skani ya hapo. Halafu toa koma kwenye Kiasi, kigeuze kuwa namba, ukijumlishe toka mwanzo wa daftari mpaka mwisho wa kila ukurasa na ulinganishe na zile C/F ulizoweka pembeni: zikipatana hadi ukurasa wa 4 na kugoma wa 5, anza kutafuta kwenye wa 5.