Kahawa Chachu Si Lazima Iwe Mbovu: Asili Moja, Mchanganyiko na Mashine ya Espreso

Malalamiko ya kahawa yanayofika kwenye meza yetu ya ukaguzi yamebadilika sura. Zamani watu walileta pakiti yenye vumbi au iliyopoteza harufu. Sasa wengi wanaleta pakiti iliyoandikwa "asili moja" na kudai kwamba kahawa imeoza, au kwamba muuzaji amebandika jina la mahali isikotoka, kwa sababu ilipopita kwenye mashine ya espreso ilitoka chachu kama ndimu. Tukiionja, mara nyingi tunakuta kahawa haina kasoro. Ilitengenezwa kwa njia isiyoifaa.

Tuanze na lebo. Maneno "asili moja" yanataja mahali, hayataji daraja. Mahali hapo panaweza kuwa nchi nzima, wilaya, kituo cha kuoshea kinachopokea matunda ya mamia ya wakulima wadogo, au shamba moja. Pakiti yenye jina la nchi peke yake haijadanganya. Imesema machache tu. Na mchanganyiko si makombo ya ghalani. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado barua zinakuja. Mkaangaji huunganisha kahawa mbili au tatu kwa makusudi, ili kikombe cha Machi kifanane na cha Oktoba hata kama buni ya shamba fulani imekwisha. Akiikosa hiyo, anatafuta nyingine yenye tabia zilezile. Mwenye asili moja hana nafasi hiyo: msimu ukiisha, ladha nayo inaondoka.

Kwa nini basi kahawa ileile ipendeze kwenye kichujio na ichukize kwenye espreso? Kahawa ya kuchuja hutumia takribani gramu 15 kwa gramu 250 za maji, na maji hupita taratibu kwa dakika tatu hivi. Espreso husukuma maji kwa mgandamizo wa baa 9 kupitia gramu 18 za unga, ukapata gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Kwenye kikombe cha kuchuja, vitu vilivyoyeyuka kutoka kwenye kahawa ni kama asilimia 1.3 tu. Kwenye espreso vinafika asilimia 8 hadi 12. Uchachu uliokuwa ukichangamsha kinywa sasa umekolezwa mara kadhaa. Isitoshe, asidi huyeyuka mapema, na vitu vinavyousawazisha uchachu huo hufuata baadaye. Kahawa iliyokaangwa kidogo ina punje ngumu zisizoachia upesi, kwa hiyo ukikata maji mapema unabaki na asidi peke yake.

Chukua pakiti ya kawaida katika malalamiko haya: Yirgacheffe ya kusini mwa Ethiopia, iliyooshwa, ikakaangwa kidogo, na ina siku nne tu tangu itoke kwenye kikaango. Mwenye pakiti anaweka gramu 18, anapata gramu 36 kwa sekunde 22, na anaona povu jingi linalonywea haraka. Povu hilo ni gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo haijatoka kwenye punje, na gesi hiyo huzuia maji kugusa unga sawasawa. Aiache pakiti imefungwa mpaka ifikishe siku kumi hadi kumi na nne. Kisha asage laini zaidi hadi maji yatumie sekunde 28 au 30. Bado chachu? Apandishe joto la maji kutoka nyuzi 93 hadi 95. Mwisho aache kinywaji kifike gramu 45, hata 50. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hatajua kilichosaidia. Hapo harufu ya maua itajitokeza na uchachu utageuka kuwa wa tunda bivu, ingawa kinywaji kitakuwa chepesi. Akitia maziwa mengi, maua yatapotea na uchachu utabaki ukielea, kiasi kwamba atadhani maziwa ndiyo yaliyoharibika.

Sasa weka kando yake mchanganyiko wa espreso: asilimia 60 kahawa ya Brazili iliyokaushwa na maganda yake, asilimia 25 ya Kolombia iliyooshwa, na asilimia 15 robusta safi, zote zimekaangwa wastani. Brazili inaleta uzito na uchachu mdogo, Kolombia inazuia kikombe kisipooze, robusta inaongeza krema, lile povu la juu ya espreso, na uchungu unaopenya maziwa. Ukikosea kwa sekunde tatu au nne, kikombe bado kinanyweka. Kwa anayekunywa espreso yenye maziwa kila asubuhi na hana muda wa kurekebisha mashine, hiki ndicho kitu chake. Anayekunywa kahawa ya kuchuja bila maziwa, vikombe viwili au vitatu kwa siku, atafaidi zaidi asili moja. Wanaotaka asili moja kwenye espreso bila usumbufu watafute ya Brazili au Sumatra, iliyokaangwa wastani.

Mchanganyiko nao una mpaka wake. Gramu 18 ni punje 130 hadi 150 hivi. Kahawa iliyowekwa kwa asilimia 10 itatoa punje kama kumi na nne, lakini leo zinaweza kuingia kumi na kesho kumi na nane. Anayepima punje kwa kikombe kimoja kimoja atakutana na tofauti hiyo, na hilo si kosa la kiwanda.

Udanganyifu upo, hatukatai, na sheria za nchi hazifanani. Mfano ulio wazi ni Hawaii. Kwa miaka mingi, mchanganyiko uliweza kuuzwa kwa jina la Kona, wilaya ya visiwa hivyo inayolima kahawa, ukiwa na asilimia 10 tu ya kahawa ya huko, mradi kiwango kiandikwe kwenye pakiti. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inapandisha kiwango hicho hadi asilimia 51 kuanzia Julai 2027. Wakulima wa Kona walipofungua kesi mwaka 2019 dhidi ya wauzaji waliotumia jina hilo, walitegemea vipimo vya uwiano wa madini, ambao haubadilishwi na kukaangwa. Ulimi wa mlalamikaji haukutosha, na hata sisi waonjaji hatuthibitishi asili kwa ulimi.

Kwa hiyo kabla ya kulalamika, fanya jaribio hili. Saga vikombe vitano, kila kimoja peke yake, gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji yenye nyuzi 93. Subiri dakika nne, vunja kwa kijiko utando wa unga unaoelea juu, uondoe povu, uonje kinywaji kikianza kupoa. Uchachu safi unaoelekea kwenye utamu kadiri kikombe kinavyopoa ni tabia ya kahawa hiyo. Harufu ya siki, ukungu, dawa ya hospitali au kiazi kibichi ni kasoro, na mashine yako haihusiki. Vikombe ni vitano kwa sababu punje moja mbovu huweza kuharibu kimoja na kuviacha vinne vikiwa salama.

Ukikuta kasoro, leta punje ambazo hazijasagwa, zisizopungua gramu 100, zikiwa ndani ya pakiti yake yenye namba ya toleo na tarehe ya kukaangwa. Andika ni vikombe vingapi kati ya vitano vilivyokuwa na harufu hiyo. Sampuli iliyohamishiwa kwenye chupa au mtungi hairudishwi kwa ubaya. Haiwezi tu kuunganishwa na muuzaji yeyote, na hatua dhidi yake haiwezi kuanza bila namba ya toleo. Unga uliosagwa tunaupokea kwa malalamiko ya uchafu peke yake.