"Mtaalamu wa kimkakati" anafanya nini saa tatu asubuhi?

"Mtaalamu wa kimkakati wa mnyororo wa ugavi, mwenye shauku na anayejali matokeo. Ninaongoza timu yenye utendaji wa hali ya juu, ninashirikiana na wadau mbalimbali na kubuni masuluhisho yaliyoongeza ufanisi kwa asilimia 40."

Kijana aliyeniletea wasifu huu nimkagulie kabla hajauweka LinkedIn anatunza stoo ya muuzaji wa dawa wa jumla hapa Dar es Salaam. Nimeusoma mara mbili sikukutana na dawa, rafu wala katoni hata moja.

Maneno ya aina hii mimi huyaita maneno ya mapambo. Si uongo, na si lazima yawe magumu. Yana sauti ya kazi, ila ukifumba macho huoni mtu akifanya chochote. "Kubeba" unaona mikono. "Kuboresha ufanisi" huoni kitu. Namna rahisi ya kuyatambua ni kuligeuza neno kinyume chake: je, yupo mtu angejitambulisha hivyo? Hakuna anayeandika kwamba hajali matokeo, au kwamba anaongoza timu yenye utendaji wa hali ya chini. Sifa ambayo kinyume chake hakisemwi na yeyote haimtofautishi mtu na yeyote.

Kuyaondoa si kazi ya kamusi. Ukitafuta neno jepesi la "masuluhisho" utaishia na pambo dogo mahali pa pambo kubwa. Mimi huweka karatasi pembeni, nauliza habari za jana. Uliingia saa ngapi? Ukagusa nini kwanza? Nani alikufuata, akataka nini? Jana haina mkakati, ina mambo yaliyotokea.

Jana yake ilianza saa mbili kasoro. Alisoma kipimajoto cha jokofu na cha chumba, akaandika kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni. Saa tatu lori likafika. Alichukua hati aliyokuja nayo dereva, akailinganisha na oda ya ununuzi, halafu akafungua katoni na kutazama namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda, moja moja. Katoni mbili za dawa ya watoto ya maji zilikuwa na namba ya bechi isiyo ile ya kwenye hati. Akazikataa. Dereva akalalamika, muuzaji wa upande wa pili akapiga simu, naye akashikilia msimamo: hati irekebishwe au mzigo urudi.

"Hilo mbona hukuliandika?" nikamuuliza.

"Dada, hiyo si ndiyo kazi yenyewe tu?"

Hapo ndipo mapambo yanapomuumiza mtu. Watu hudhani yanakuza kazi ndogo. Mara nyingi nimeona yakifunika kazi kubwa. Namba ya bechi ndiyo inayotumika kuitafuta dawa pale mtengenezaji au mamlaka inapotangaza kwamba bechi fulani irudishwe. Ikiingia kwenye kumbukumbu kimakosa, siku ya tangazo utatafuta bechi ambayo daftari lako linasema huna, na kumbe iko rafuni au imeshauzwa. Kijana anayethubutu kuurudisha mzigo kwa sababu hiyo anajua kazi yake, na wasifu wake ulimwita "mwenye shauku".

Tukaupitia mstari kwa mstari. "Timu" ni vibarua wawili, ambao kila asubuhi huwagawia nani apange rafu na nani afungashe oda. "Wadau mbalimbali" ni madereva, watu wa mauzo, mhasibu, na mkaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa, anapokuja. "Shauku" tulichimba, hatukukuta kitu chini yake, tukaifuta.

"Masuluhisho" yalituchukua muda, kwa sababu chini yake palikuwa na kitu cha kweli. Alipoanza kazi, stoo ilitoa kwanza kilichoingia kwanza. Kwa misumari au sabuni utaratibu huo unatosha. Kwa dawa unaweza kukutia hasara, maana mzigo wa leo huweza kuwa na tarehe ya kuisha iliyo karibu kuliko ule wa mwezi uliopita. Yeye akapanga upya kila rafu ili kinachowahi kuisha muda kikae mbele, bila kujali kiliingia lini. Kisha kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi huwapelekea watu wa mauzo orodha ya dawa zilizobakiza chini ya miezi sita, wazisukume mapema.

Asilimia 40 ndiyo ilitukwamisha. Nilimuuliza, asilimia 40 ya nini, kutoka wapi hadi wapi? Akacheka. Aliikuta kwenye wasifu wa mwenzake. Lakini alikuwa na daftari la kuhesabu mali. Januari alihesabu aina 120 za dawa, na kati yake 19 hazikulingana na kadi zake za stoo. Juni alihesabu zilezile, zisizolingana zikawa nne. Hiyo ni namba anayoweza kuitetea mbele ya meza ya usaili, kwa kuwa anajua ilivyopatikana. Aliyesema "ufanisi uliongezeka" anaombea tu asiulizwe.

Ila si kila neno zito ni pambo. Mpangilio ule wa rafu una jina lake kazini, FEFO, na tuliliacha libaki, kwa sababu mwajiri wa stoo ya dawa analijua na huenda akalitafuta kwa jina hilohilo. Tuliacha pia Excel. Kuhusu "mnyororo wa ugavi" tulibishana. Ni istilahi halali: inabeba kuagiza, kusafirisha, kuhifadhi na kusambaza. Yeye anahifadhi. Haagizi wala hasafirishi, na kulibeba neno lote ni kujiitia maswali ya bei za usafiri ambazo hajawahi kuzigusa. Tukalitoa.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Rasimu yake ya kwanza ya lugha nyepesi ilisema, "Napokea mizigo, napanga, natoa." Ni kweli, lakini hata mlinzi wa geti angeweza kuandika hivyo. Kilichokosekana ni maamuzi: anakataa nini, anatazama nini, akikosea nini kinaharibika. Tukaandika upya:

"Ninatunza stoo ya dawa za jumla na kusimamia wasaidizi wawili. Ninakagua bechi na tarehe ya kila mzigo kabla ya kuupokea, na ninarudisha usiolingana na hati. Nimepanga rafu kwa FEFO na kila mwezi ninatoa orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda. Kati ya Januari na Juni, dawa zisizolingana na kumbukumbu zilipungua kutoka 19 hadi 4, katika aina 120 zilezile. Kumbukumbu ninazitunza kwa Excel na kadi za stoo."

Aliusoma, akaunyamazia kidogo. "Mbona mfupi hivi?" Halafu, kama mtu aliyekumbuka deni, akanisimulia siku umeme ulipokatika tangu asubuhi na jokofu likaanza kukaribia nyuzi 8, ambazo ndizo mwisho kwa insulini anayoitunza. Aliihamishia kwenye boksi la baridi, akaweka kipande cha katoni kati yake na barafu, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika sawa na iliyopata joto kali, akakaa akisoma kipimajoto kila nusu saa hadi umeme uliporudi.

Nikamrudishia kalamu.