Kalori 100 kwa shilingi ngapi: viazi, sembe na dona

Katika elimu ya lishe tunayotoa masokoni hapa Dodoma, swali linalorudi kila siku ni kwa nini tusiwashauri watu wanunue viazi, maana kilo yake ni rahisi kuliko ya unga. Ukihesabu kwa kalori, si rahisi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanalinganisha kilo kwa kilo.

Kiazi mviringo sehemu kubwa ni maji, na maganda hayaliwi. Kilo moja ikishamenywa hubaki na kalori kama 650, wakati kilo ya unga wa mahindi ina kama 3,600. Tuchukue bei za mfano, nawe uweke za sokoni kwako: viazi shilingi 1,000 kwa kilo, sembe 1,500. Gawa bei kwa kalori za kilo, kisha zidisha kwa 100. Kalori 100 za viazi zinagharimu shilingi 154, za sembe 42. Mama mwenye shilingi 5,000 akinunua viazi anapata kalori 3,250. Akinunua sembe anapata 12,000.

Gharama ya sembe nayo unaweza kuishusha. Nunua mahindi kilo 10 kwa 900, jumla 9,000. Ukiyasaga bila kukoboa, kwa 100 kila kilo, unapata karibu kilo 10 za dona kwa 10,000, sawa na shilingi 28 kwa kalori 100. Ukikoboa, unabaki na kilo saba na nusu hivi, na mashine umelipia mara mbili.

Ila dona haivumilii mahindi mabovu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu hiyo kwa sababu nyingi huwa kwenye pumba na kiini, lakini hakuimalizi, na kupika hakuiui. Kabla ya kusaga, mwaga mahindi kwenye ungo, toa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu. Usiwape kuku hizo punje. Saga ya wiki moja tu, kwa kuwa mafuta ya kiini huchachua unga.

Hesabu hii haifai ukinunua kwa kisado kisichojulikana uzito. Pima kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ambayo muda wake haujaisha. Uhakiki hufanyika kila mwaka. Kuchezea kipimo ni kosa kwa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Ukitilia shaka usigombane na muuzaji: pima tena kwenye mizani nyingine, andika tofauti, upeleke taarifa ofisi ya Wakala ya mkoa.

Maharage ya 3,000 kwa kilo yatakuja shilingi 90 kwa kalori 100. Wapo wanaoyafuta kwenye orodha kwa sababu hiyo, na hilo ni kosa. Maharage tunayanunulia protini. Fidia gharama hiyo kwa kubadili sembe kuwa dona, na yaloweke usiku kucha ili yasimalize mkaa.