Maharage, usipa na mkaa: dhana potofu kuhusu protini ya bei nafuu

Dhana: wiki bila nyama ni wiki bila protini.

Kilo ya maharage makavu ina takriban gramu 210 za protini, na yai moja lina kama 6. Kwa hiyo kilo hiyo ni sawa na mayai 35. Ukiwa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, uliza bei ya maharage, kisha uliza bei ya trei na mayai matano juu yake, utaona hela yako inanunua zaidi wapi. Na ugali haujazi tumbo tu: kile kinachopungua kwenye protini ya maharage kimo kwenye mahindi, na kinachopungua kwenye mahindi kimejaa kwenye maharage.

Dhana: maharage ni rahisi kununua, lakini yanamaliza mkaa.

Hili lina ukweli, hasa kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva. Wengi hukimbilia magadi. Kweli yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini B, na hasara hiyo haina sababu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya ukiwa umefunika sufuria. Nyanya weka yakishaiva, kwa sababu uchachu wake huyafanya yabaki magumu. Yakiwa yamelowekwa na bado ni magumu baada ya saa mbili, umeuziwa ya zamani. Mengi ya hayo huwa yamefifia rangi na kukunjamana, basi yachunguze kabla hayajapimwa.

Kwa familia ya watu wanne mimi hupanga hivi: maharage kilo mbili, adesi nusu kilo, mayai 12, na gramu 300 za usipa mkavu, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa. Kilo ya kwanza inalowekwa Jumapili usiku, inachemshwa Jumatatu mara moja, inaliwa hadi Jumanne. Ya pili ni Alhamisi na Ijumaa. Kama huna friji, kichemshe chungu chote asubuhi na jioni. Jumatano ni adesi, ambazo hazilowekwi na huiva upesi, kwa hiyo mkaa unapumzika. Jumamosi usipa, Jumapili mayai manane, na manne yaliyobaki ni ya watoto asubuhi za katikati ya wiki.

Jumla ni kama gramu 27 za protini kwa mtu kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu 48. Unga wa ugali, gramu 300 kwa siku, unaongeza kama 24.

Dhana: usipa ni kiungo tu.

Ukikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Chagua unaong'aa. Ukiwa wa njano na unanuka mafuta yaliyochacha, uache. Uoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, mpaka mchanga usibaki chini ya beseni.