Ripoti ya mrejesho wa tathmini ya usonji: namba zake zinasema nini?

Ripoti ya mrejesho ni maelezo ambayo mtaalamu aliyemfanyia mtoto tathmini ya usonji huwaandikia wazazi wake. Humo anaeleza alivyompima, aliyoyaona, uamuzi aliofikia na mambo anayopendekeza yafanyike nyumbani na shuleni. Mara nyingi hukabidhiwa katika kikao ambapo wazazi huuliza maswali. Tatizo huanza wakifika nyumbani: wanafungua majedwali na kuyasoma kama karatasi ya matokeo ya mtihani, ilhali namba zile hazikuwekwa kwa kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 8. Anasoma vizuri, anazungumza kwa sentensi ndefu zilizopangika, na mwalimu wake analalamikia jambo moja tu, kwamba hamalizi kazi za darasani. Nyumbani hali ni nyingine. Ratiba ikibadilika bila yeye kuambiwa mapema analia hadi anachoka, na mazungumzo yake na watoto wenzake ni kuwaeleza habari za sayari hata wakishaondoka.

Jedwali la kwanza katika ripoti yake linatoka kwenye kipimo cha uwezo wa kufikiri kiitwacho WISC-V. Uelewa wa maneno amepata 116, kasi ya kuchakata taarifa 78, na alama ya jumla 97. Wastani katika kipimo hiki ni 100, na takriban theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Pembeni mwa kila alama kuna persentaili: mbele ya 116 imeandikwa 86, mbele ya 78 imeandikwa 7. Hapa ndipo wazazi hushtuka, wakidhani mtoto amepata asilimia 7 ya maswali. Sivyo. Maana yake ni kwamba ukiwapanga watoto 100 wa umri wake kuanzia wa polepole hadi wa haraka, yeye yuko karibu na nafasi ya saba kutoka chini. Ni nafasi katika foleni, haihesabu majibu sahihi. Tena alama yenyewe ni makadirio, ndiyo maana ripoti makini huweka masafa kando yake, kwa mfano 78 (72–88). Akipimwa siku nyingine anaweza kupata 75 au 83, na hakuna kilichobadilika ndani yake.

Ile 97 ya jumla ndiyo namba ya kuitilia shaka zaidi. Inaonekana ya kawaida kabisa, na shule ikiiona peke yake itasema mtoto hana tatizo, ni mvivu tu. Lakini imepatikana kwa kuchanganya uwezo wa juu na uwezo wa chini, na yeye mwenyewe haishi popote karibu na 97. Anapoeleza jambo kwa mdomo yuko juu ya wenzake wengi. Anaponakili ubaoni yuko nyuma ya karibu wote. Mwandishi anayejua kazi yake ataandika wazi kwamba alama ya jumla haimwelezi mtoto huyu, kisha atafafanua kila eneo kivyake.

Kumbuka pia kwamba WISC-V haipimi usonji. Inasaidia kujua kama matatizo ya mawasiliano yanazidi yale yanayotarajiwa kwa kiwango cha uwezo wake, na inaonyesha namna ya kumfundisha.

Usonji wenyewe hutazamwa kwa njia nyingine. Katika kipimo kiitwacho ADOS-2, mtaalamu hukaa na mtoto kwa dakika 40 hadi 60 na kumpa shughuli zinazofungua nafasi za kuwasiliana: kusimulia kitabu cha picha kisicho na maneno, kuonyesha jinsi ya kupiga mswaki, kuzungumza kuhusu marafiki. Kinachorekodiwa ni jinsi anavyotazama, anavyotumia ishara za mikono na anavyoitikia mtu anapomweleza habari zake. Msichana wetu amepata 7 katika mizani ya 1 hadi 10. Angalia mwelekeo umegeuka: katika WISC-V namba kubwa ni uwezo mkubwa, lakini hapa namba kubwa ni dalili nyingi zaidi za usonji zilizoonekana katika kikao hicho. Haisemi maisha yake ni magumu kiasi gani. Mtoto mwenye wasiwasi mwingi au tatizo la lugha anaweza kupata alama ya juu bila kuwa na usonji, na aliyejifunza kuigiza wenzake anaweza kupata ya chini akiwa nao.

Kwa hiyo uamuzi hautoki kwenye ADOS-2 pekee. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili na makuzi uliotoka mwaka 2013, vinataka tofauti katika maeneo yote matatu ya mawasiliano ya kijamii, na angalau aina mbili kati ya nne za tabia za kujirudia, kushikilia mambo au kuhisi vitu kupita kiasi au kwa uhaba. Vinataka pia dalili ziwe zilianza utotoni na ziwe zinaathiri maisha. Mambo hayo mawili ya mwisho hayaonekani ndani ya saa moja. Yanatoka kwa wazazi wakisimulia mtoto alivyokuwa akiwa na miaka miwili na mitatu, na kwa mwalimu. Ukikuta ripoti imefikia uamuzi bila historia ya makuzi, uliza. Na dodoso la mwalimu likisema mambo ni shwari huku la wazazi likisema vingine, si lazima mmoja awe anadanganya: darasa lina kengele na ratiba ileile kila siku, na hilo humsaidia mtoto wa aina hii kutulia.

Kwa maoni yangu, jedwali linalostahili muda mrefu kuliko yote ni lile ambalo wengi hulipita, la stadi za maisha ya kila siku. Katika kipimo cha stadi hizo kiitwacho Vineland-3, msichana huyu ana 72 upande wa kushirikiana na watu, persentaili ya 3. Iweke kando ya ile 116 ya uelewa wa maneno. Pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini watu humwona mjeuri: wanasikia anavyozungumza, wanadhani anajua pia jinsi ya kuomba kujiunga na mchezo. Hajui, na anahitaji kufundishwa hatua kwa hatua.

Baada ya hapo ripoti hutaja kiwango cha msaada, 1 hadi 3, kimoja kwa mawasiliano na kingine kwa tabia za kujirudia. Hakikokotolewi kutoka kwenye alama ya ADOS-2, na kinaweza kubadilika mtoto anapokua.

Mapendekezo yapimwe kwa swali moja: limetokana na tokeo lipi? Muda wa ziada na kupunguziwa kunakili vinatokana na ile 78. Kubaki na masomo ya darasa lake bila kurahisishiwa kunatokana na 116. Kuonyeshwa ratiba asubuhi, na kuambiwa mapema inapobadilika, kunatokana na masimulizi yenu ya nyumbani. Pendekezo lisilo na chanzo ndani ya ripoti, kama lile la “apewe msaada unaofaa”, mrudishieni mwandishi alieleze: nani afanye nini, saa ngapi, na mtajuaje kama limefanya kazi.